Mpango wa kipindi: Kutambua mfupa uliovunjika na kufunga banzi kabla ya rufaa

Walengwa: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijiji vya Isongole na jirani, Wilaya ya Rungwe
Mahali: ukumbi wa ofisi ya kijiji
Muda: saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:30 mchana
Wawezeshaji: afisa tabibu na muuguzi mmoja wa zahanati

Vifaa: mianzi iliyopasuliwa na kulainishwa kingo, vipande vya mbao, maboksi magumu, kanga na vitenge vikuukuu, shuka lililochanwa vipande vipana, sponji za magodoro, shashi safi, mkasi, blanketi, kalamu na karatasi. Kamba za katani, nyaya na mipira ya baiskeli visiletwe hata kwa mfano, maana mtu hurudia nyumbani kile alichokishika darasani.

Ujumbe mmoja wa kushika: banzi halijakamilika mpaka vidole vimeangaliwa, kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Mwezeshaji akibanwa na muda, apunguze mengine yote, hili asilipunguze.

Saa 3:00 – Kuanza na yanayotokea kwetu

Waulize wahudumu: kijijini kwako nani anavunjika, na anavunjikia wapi? Waache waseme wenyewe. Watataja kijana aliyeanguka juu ya mparachichi wakati wa kuchuma, bodaboda iliyoteleza kwenye tope, mtu aliyeangukiwa na gogo shambani, bibi aliyeteleza uani wakati wa masika. Andika ubaoni, kisha rudi kwenye orodha hiyo hiyo katika mazoezi badala ya kuleta mifano ya mbali.

Waulize pia jamaa hufanya nini kabla ya kumwita mhudumu. Mtasikia habari za kukanda kwa maji moto, kuvuta kiungo "kirudi," na kumpeleka kwa mganga wa kuunga mifupa. Msiwacheke wala msiwakaripie. Familia inampeleka mgonjwa kwa mganga kwa sababu anaaminika na yuko karibu. Waeleze hatari yenyewe: kifungo kilichobana sana huzuia damu, na kiungo kisichopata damu huweza kuoza hadi kukatwa. Banzi letu pia likibana litaleta madhara hayo hayo.

Saa 3:30 – Mgonjwa kwanza, mfupa baadaye

Kabla hujagusa mguu, hakikisha mahali ni salama, mgonjwa anapumua vizuri na hatoki damu nyingi. Damu inayotoka zuia kwa kukandamiza kwa kitambaa safi. Akiwa ameanguka kutoka juu au amegongwa, na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, asikalishwe. Mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwili ubaki umenyooka.

Dalili za kumshuku: maumivu makali sehemu moja, uvimbe, kiungo kupinda au kuwa kifupi, kushindwa kukitumia. Si lazima zote ziwepo. Mtoto anayekataa kabisa kutumia mkono baada ya kuanguka, mchukulie kuwa amevunjika. Mzee aliyeanguka, mguu ukawa mfupi na wayo umegeukia nje, mshuku nyonga. Kuna wanaojaribu kusikiliza mfupa ukikwaruzana. Hilo ni kosa kubwa, linaumiza na linaweza kukata mshipa. Ukiwa na shaka kati ya kuteguka na kuvunjika, funga banzi. Picha ya eksirei ndiyo itakayoamua.

Paja na fupanyonga vipewe muda wa kutosha. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita 1 ya damu au zaidi ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Dalili zake ni ngozi baridi yenye jasho, mapigo ya haraka, kiu na kuchanganyikiwa. Huyo ni wa haraka kuliko kijana anayepiga kelele kwa mkono.

Saa 4:15 – Mazoezi (hapa ndipo penye kipindi)

Wawili wawili, mmoja mgonjwa, mmoja mhudumu, kisha wabadilishane. Muuguzi azunguke na mkasi, kila kifungo kilichokaa juu ya sehemu iliyoumia akikate na kuamuru kianzwe upya.

Kwanza vidole. Muulize mgonjwa kama anahisi ukimgusa, mwambie avitikise kidogo, pima mapigo kwenye kifundo cha mkono au juu ya wayo, kisha bonyeza kucha na kuachia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Huku kwetu baridi peke yake huchelewesha rangi, kwa hiyo linganisha na upande mzima. Vua pete, bangili na shanga kabla uvimbe haujazidi.

Kisha banzi. Kifunge kiungo kama ulivyokikuta, usinyooshe, usivute. Mfupa ukivunjika, banzi lipite kiungo cha juu yake na cha chini yake. Weka sponji au kitambaa kati ya mwanzi na ngozi, zaidi penye mifupa iliyochomoza. Funga kwa vitambaa vipana, juu na chini ya jeraha, mafundo yakae juu ya banzi.

Mkono wa chini: kutoka kiganja hadi juu ya kiwiko, kisha uning'inizwe kwa kanga shingoni. Kiwiko cha mtoto kilichovimba kisikunjwe kwa nguvu; kiachwe kilivyo. Mtulinga: kanga ya kuning'inizia inatosha. Mguu chini ya goti: kutoka katikati ya paja hadi kupita kisigino. Paja: ubao mrefu wa nje kutoka kwapani hadi kupita kisigino, kitambaa kizito katikati ya miguu, halafu mguu mzima uwe banzi la pili. Fupanyonga: kitenge kilichokunjwa kizungushwe usawa wa vichwa vya mapaja, si kiunoni, na mgonjwa asiviringishwe.

Mfupa uliotokeza nje: usiurudishe ndani. Funika kwa shashi safi, kandamiza pembeni yake kama damu inatoka. Majani, majivu na mafuta visiwekwe. Huyo aondoke mapema, anahitaji kusafishwa, dawa na chanjo ya pepopunda.

Mwisho rudi kwenye vidole. Vikiwa baridi, vimepauka, vimekufa ganzi, au maumivu yameongezeka, legeza mara moja na uangalie tena. Rudia kila dakika 10 hadi 15 njiani. Mgonjwa anayesema "kinabana" aaminiwe.

Saa 6:00 – Safari na barua

Bodaboda ibebe mwenye mkono au mtulinga tu, akiwa na akili timamu na mtu nyuma yake. Paja, fupanyonga na mgongo ni machela au kitanda ndani ya gari. Machela ya mbao mbili na blanketi ijaribiwe kwanza kwa mtu mzima, mwenye afya. Mfunike mgonjwa, baridi humdhoofisha. Asile wala kunywa pombe, huenda akahitaji upasuaji. Kabla ya kuondoka pigia zahanati ili hospitali ya Tukuyu ijulishwe. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, kwa hiyo mgonjwa huyu apangiwe gari na kijiji.

Barua ya rufaa iandikwe kwa ufupi: jina, umri, saa ya kuumia, alivyoumia, vidole vilikuwaje kabla na baada ya banzi, alikula saa ngapi. Kila mhudumu aandike moja sasa hivi kwa mgonjwa wake wa zoezi.

Tathmini: kila mmoja afunge banzi la mguu mbele ya muuguzi. Aliyesahau vidole baada ya kufunga hajafaulu, hata kama banzi limependeza. Arudie kwa zamu zahanati Jumatano, saa 4:00 asubuhi.