Kweli au Si Kweli: Maswali 10 Kuhusu Wadudu

Klabu ya Sayansi, Kidato cha Pili. Muda: dakika 15. Alama: 20

Soma kila sentensi, andika KWELI au SI KWELI, kisha eleza sababu kwa sentensi moja. Jibu sahihi lina alama 1, sababu sahihi alama 1. Mtaani kila kinachotambaa huitwa mdudu. Hapa tunatumia maana ya kibiolojia: mnyama mwenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo.

1. Buibui ni mdudu.
2. Mende akikatwa kichwa hufa papo hapo.
3. Mchwa ana undugu wa karibu na sisimizi kuliko mende.
4. Kipepeo huonja kwa miguu.
5. Mbu wote wanaouma watu ni majike.
6. Ukimponda mbu ukaona wekundu, hiyo ni damu yake.
7. Mbung'o hutaga mayai mengi kwa mpigo, kama nzi wa nyumbani.
8. Nyenje ana masikio kwenye miguu ya mbele.
9. Nyuki huelekezana penye maua kwa kucheza.
10. Yupo mbawakawa anayeongozwa na nyota.

MAJIBU (usifunue kabla ya kumaliza)

1. SI KWELI. Hesabu miguu: minane. Mwili wake nao una sehemu mbili tu. Buibui yuko kundi moja na nge na kupe.

2. SI KWELI. Mende hapumui kupitia kichwani. Hewa huingia kwa vitundu vidogo vilivyo ubavuni. Damu yake haisukumwi kwa shinikizo kubwa kama yetu, kwa hiyo shingo haivuji sana na jeraha huziba. Anaweza kuishi siku nyingi bila kichwa. Mara nyingi kinachommaliza ni kiu, maana hana tena mdomo wa kunywea.

3. SI KWELI. Hili huwakosesha wengi, na si ajabu: wote wawili wana malkia, vibarua na askari. Lakini mchwa yumo katika ukoo wa mende, na sisimizi ni wa ukoo wa nyigu na nyuki. Watazame kwa makini. Sisimizi ana kiuno chembamba na papasi zilizopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno hicho, na papasi zake zimenyooka kama uzi wa shanga. Sisimizi huanza maisha akiwa buu asiye na miguu, ilhali mchwa huanguliwa akiwa tayari na umbo la mchwa. Tofauti ninayoipenda zaidi ni ya ndoa: sisimizi dume hufa muda mfupi baada ya kujamiiana, lakini mchwa dume hubaki na malkia wake kichuguuni kwa miaka. Huyo ni mfalme wa kweli.

4. KWELI. Akitua kwenye jani, vihisio vya miguuni humwambia ni mmea gani. Jike huvitumia kuchagua jani ambalo viwavi wake wataweza kulila.

5. KWELI. Jike huhitaji protini ya damu ili kukuza mayai. Dume hunywa maji matamu ya maua na mimea.

6. SI KWELI. Wekundu huo umetoka kwako, au kwa mtu au mnyama mwingine aliyeumwa kabla yako. Damu ya mbu mwenyewe karibu haina rangi. Haina kazi ya kusafirisha oksijeni, kwani hewa hufika kwenye seli kwa mirija.

7. SI KWELI. Mbung'o hulea buu mmoja tu kwa wakati mmoja, ndani ya tumbo lake, na kumlisha aina ya maziwa. Buu huzaliwa akiwa mkubwa karibu sawa na mama, kisha hujichimbia udongoni. Hapa alama 2 ni haki ya aliyetaja maziwa.

8. KWELI. Yako chini kidogo ya goti. Mlio wenyewe huutoa kwa kusugua mabawa.

9. KWELI. Ndani ya mzinga wenye giza, nyuki hutembea kwenye sega akitikisa tumbo. Akielekea juu wima, maana yake ni "nendeni upande wa jua". Akiinamia kulia, wenzake watapita kulia kwa jua kwa pembe ileile. Kadiri anavyotikisa kwa muda mrefu, ndivyo maua yalivyo mbali. Karl von Frisch, aliyeifumbua lugha hii, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili.

10. KWELI. Mbawakawa huyu huviringisha donge la kinyesi usiku, na hutaka kwenda moja kwa moja asije akarudi kwenye rundo na kunyang'anywa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona: walipowavisha mbawakawa vikofia vidogo vya kuwazuia kuona anga, walizungukazunguka bila mwelekeo. Kinachowaongoza si nyota moja, bali ule ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa.