Barua kwa mwenye nyumba: ombi la sahihi ya kupokea amana ya shilingi 300,000

Zainabu Saidi Mbwana
Chumbageni, Tanga
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kwa Mzee Athumani Rajabu Mhina
Makorora, Tanga

YAH: OMBI LA KUTIA SAHIHI HATI YA KUPOKEA AMANA YA NYUMBA, SHILINGI 300,000

Assalamu alaykum baba, na shikamoo. Natumai mmeshinda salama wewe na mama, na lile goti limepunguza kuuma. Sisi tumeshahamia. Vyombo vyote vimefika, na watoto wamekwishajua duka la karibu liko upande gani.

Baba, naandika kwa ajili ya ile amana niliyokukabidhi leo asubuhi. Naomba unitilie sahihi kwenye hati iliyo pamoja na barua hii, inayosema umepokea kwangu shilingi laki tatu (Sh 300,000) kuwa amana ya nyumba. Nimeiandika nakala mbili zinazofanana, moja ya kwako na moja ya kwangu. Anayeileta ni mdogo wangu Juma, ana kalamu na pedi ya wino wa dole gumba. Nimemwambia akusubiri hadi umalize kuisoma au kusomewa, asikuharakishe. Nilikuwa nayo mkobani tangu asubuhi, lakini wale wageni wako wa Pangani walipoingia barazani niliona si adabu kutandaza makaratasi mbele yao.

Nianze na hesabu, ili tuwe pamoja. Shilingi laki mbili niliituma leo kwa M-Pesa kwenye ile namba uliyonitajia, nikaongeza na shilingi 4,000 ya kutolea. Shilingi laki moja nilikupa mkononi, noti kumi za elfu kumi kumi. Mwanao Hamisi alizihesabu mara mbili juu ya mkeka, ile moja iliyochanika pembeni akanirudishia, nami nikambadilishia. Jumla ya amana ni laki tatu, sawa na kodi ya miezi miwili kama tulivyokubaliana. Hiyo elfu nne ilikuwa ya makato tu. Siidai, na sitaki ihesabiwe kwenye amana.

Kodi yenyewe haiguswi na jambo hili. Shilingi laki tisa ya miezi sita, Agosti hadi Januari, niliilipa benki tarehe 26 Julai, siku ile ile tuliyotia sahihi mkataba, na karatasi ya benki ninayo. Laki na nusu niliyompa dalali nayo ni yake na imekwisha. Ninachokiombea sahihi ni amana peke yake, kwa sababu ndiyo pesa pekee kati ya hizi zote ambayo siku moja inatakiwa kurudi.

Najua utasema, mwanangu, mkataba si upo? Upo, na nimeusoma tena jana usiku. Kifungu cha tano kinasema mpangaji atalipa amana ya shilingi 300,000 kabla ya kukabidhiwa funguo. Kinasema nitalipa. Hakuna mahali panaposema nimelipa, kwa kuwa siku ile kweli nilikuwa bado. Mtu asiyetujua akiusoma mkataba ule mwakani atajua nilichokuwa natakiwa kufanya, hatajua kama nilikifanya.

Na ujumbe wa M-Pesa nao, baba, hautoshi. Kwanza unaonyesha Sh 204,000, si laki tatu wala si laki mbili. Pili hausemi pesa ilikuwa ya nini. Inaweza kusomeka kuwa ni kodi, au deni, au mchango wa harusi. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: laini ile imesajiliwa kwa jina la Hamisi, kwa hiyo jina lililotokea kwenye simu yangu ni lake. Sina wasiwasi na Hamisi, ni kijana muungwana na amenisaidia hata kubeba kabati. Lakini mwenye nyumba ni wewe, na mkataba una jina lako. Pesa imepita kwa mwanao, hati iseme imefika kwako. Ile laki ya mkononi ndiyo kabisa, haina alama yoyote duniani zaidi ya macho yetu watatu.

Sikuombi hivi kwa kutokukuamini. Kama nisingekuamini nisingeleta wanangu kulala chini ya paa lako. Nakwambia kilichonipata. Nyumba niliyotoka niliweka amana kwa mzee mmoja mwema sana, tuliyeheshimiana kama baba na binti, na hatukuandikiana kitu. Mwenyezi Mungu akamchukua. Nilipotaka kuhama, wanawe wakasema hiyo pesa hawaijui. Siwalaumu, hawakuwepo siku ninaitoa, na baba yao hakuacha hata mstari mmoja. Nikaondoka bila kitu, na wao hadi leo nadhani wananiona niliyetaka kula urithi wa yatima. Mungu akupe umri mrefu, baba, uje uwaoze wajukuu. Lakini nataka mimi na Hamisi na dada zake tubaki tukisalimiana vizuri, chochote kitakachotokea. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe unajua kuliko mimi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kwa jambo hili hili la kuandikiana na kuweka mashahidi.

Hati hii inakulinda na wewe. Imeandikwa wazi kwamba amana si kodi, kwa hiyo mimi siwezi kuja Januari nikakwambia kata kodi yangu kwenye amana. Imeandikwa kwamba nikiharibu kitu, gharama ya kutengeneza inatoka humo. Nimetaja pia bili ya maji, kwa kuwa mita ya maji ni moja na iko kwa jina lako. Nikiondoka na deni, unalikata humo humo. Umeme ni wa LUKU, kila mtu anatumia alichonunua, hapo hapana maneno.

Kitu kimoja nimekiweka ambacho hatukukizungumza kwa urefu, nacho ni hali ya nyumba. Leo nilipofungua milango nilipita chumba kwa chumba pamoja na Hamisi. Kioo cha dirisha la sebuleni, upande wa mwembe, kina ufa kutoka kona hadi kona. Bomba la jikoni linadondosha hata ukilikaza. Mlango wa chumba cha nyuma una ufunguo mmoja tu, na dari la ukorido lina doa la maji lenye upana wa sinia. Hamisi mwenyewe alisema doa hilo ni la masika ya mwaka jana. Sisemi haya kwa kulalamika, nyumba nimeipenda na ina upepo mzuri. Nasema ili siku ya kuondoka asije mtu akaona ufa ule akadhani ni mpira wa watoto wangu. Picha nimepiga, nimemtumia Hamisi, muombe akuonyeshe.

Ukiona neno lolote halijakaa sawa, likate na uandike unavyoona wewe, kisha sote tuweke sahihi ndogo pembeni ya hapo palipokatwa, kwenye nakala zote mbili. Kiasi tu ndicho nakuomba kisiguswe. Ukipenda tufanye mbele ya mwenyekiti wa mtaa, niko tayari Jumatatu asubuhi kuja kukuchukua kwa bajaji twende pamoja ofisini kwake atugongee mhuri. Nauli na gharama ya hapo ni juu yangu. Ila usipokuwa na neno, basi sahihi yako ya leo na ya Hamisi kama shahidi inanitosha, na upande wangu atashuhudia Mama Asha wa nyumba ya jirani, ambaye ameshatia sahihi yake. Nakuomba tu, baba yangu, lisipite Jumatatu.

Msalimie sana mama. Mwambie ule mche alioniahidi nimeshauchimbia shimo.

Wako mtiifu,
Zainabu Saidi Mbwana, mpangaji

HATI YA KUPOKEA AMANA YA NYUMBA

Mimi, Athumani Rajabu Mhina, mkazi wa Makorora, Tanga, mmiliki wa nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani iliyopo Chumbageni, Tanga, nakiri kwamba leo Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025 nimepokea kutoka kwa mpangaji wangu Zainabu Saidi Mbwana jumla ya Sh 300,000 (shilingi laki tatu tu) zikiwa ni amana ya nyumba hiyo, kama ilivyotajwa katika kifungu cha tano cha mkataba wetu wa tarehe 26 Julai 2025.

Fedha hizo nimezipokea hivi: Sh 200,000 kwa M-Pesa kupitia namba iliyosajiliwa kwa jina la mwanangu Hamisi Athumani Rajabu, aliyezipokea kwa niaba yangu na kwa idhini yangu, na Sh 100,000 taslimu mkononi. Sh 4,000 zilizotumwa pamoja na fedha za M-Pesa ni za kutolea na si sehemu ya amana.

Amana hii si kodi. Mpangaji hataihesabu kuwa kodi ya mwezi wowote, nami sitaihesabu hivyo.

Mpangaji atakapohama na kurudisha funguo, nitamrudishia amana hii ya Sh 300,000 ndani ya siku 14, baada ya kutoa gharama halisi ya kutengeneza alichokiharibu yeye au watu wake, na deni la maji kama lipo. Kitakachokatwa nitamwonyesha kwa risiti ya fundi au bili. Uchakavu wa kawaida wa rangi, sakafu na vitasa hautakatwa.

Kasoro zilizokuwepo siku ya kukabidhiana nyumba, ambazo mpangaji hatadaiwa, ni hizi: ufa katika kioo cha dirisha la sebuleni upande wa mwembe; bomba la jikoni linalodondosha; mlango wa chumba cha nyuma wenye ufunguo mmoja; na doa la maji kwenye dari la ukorido.

Nisipokuwepo mimi, wajibu wa kurudisha amana hii utakuwa kwa atakayeisimamia au kuirithi nyumba, na haki ya kuipokea itakuwa kwa mpangaji au warithi wake.

Hati hii ina nakala mbili zenye nguvu sawa. Nimeisoma, au nimesomewa nikaielewa, na ninatia sahihi na dole gumba la kushoto juu ya jina langu kwa hiari yangu.

Athumani Rajabu Mhina, mwenye nyumba, mpokeaji wa Sh 300,000

Zainabu Saidi Mbwana, mpangaji, mtoaji wa Sh 300,000

Hamisi Athumani Rajabu, shahidi wa mwenye nyumba, aliyehesabu fedha taslimu

Mwanahawa Juma Kombo (Mama Asha), jirani, shahidi wa mpangaji