Taarifa Rasmi ya Mdahalo: Kiswahili Kiwe Lugha ya Kufundishia Sekondari

(Mdahalo wa mfumo wa kibunge uliofanyika katika ukumbi wa shule ya sekondari, Morogoro)

SPIKA: Waheshimiwa Wabunge, tukae. Hoja iliyo mezani ni kwamba Bunge hili linaazimia Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za sekondari Tanzania. Kila msemaji ana dakika saba, na taarifa, yaani maneno mafupi ya upande wa pili ya kumkatiza msemaji, zitaruhusiwa kati ya kengele ya dakika ya kwanza na ile ya dakika ya sita. Majumuisho ni dakika nne kila upande. Ataanza Kiongozi wa Upinzani, kisha Waziri Mkuu atafunga, na humo hamna taarifa wala hoja mpya. Maneno yote yaelekezwe kwa Kiti.

WAZIRI MKUU: Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, lakini mtoto yuleyule akifika kidato cha kwanza anabadilishiwa lugha kana kwamba akili yake nayo imebadilishwa. Mwalimu wa biolojia anauliza swali kwa Kiingereza, darasa zima linainamia madaftari. Analirudia kwa Kiswahili, mikono inajaa hewani. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa.

MBUNGE WA UPINZANI: Taarifa, Mheshimiwa Spika.

SPIKA: Mheshimiwa Waziri Mkuu, unaipokea?

WAZIRI MKUU: Naipokea, Mheshimiwa Spika.

MBUNGE WA UPINZANI: Mheshimiwa Spika, napenda kumpa taarifa mzungumzaji kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kufungua mlango wa kufundishia kwa Kiswahili katika ngazi zote. Je, anatuomba tuazimie nini kipya?

WAZIRI MKUU: Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa taarifa hiyo, kwa sababu inanisaidia. Mwalimu hawezi kuutumia mlango huo wakati karatasi ya fizikia ya kidato cha nne imeandikwa kwa Kiingereza. Tunataka azimio litakalobadilisha vitabu na mitihani. Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja. (Makofi)

KIONGOZI WA UPINZANI: Mheshimiwa Spika, sipingi hata kidogo hadhi ya Kiswahili, ambacho SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Napinga hoja kwa ajili ya mtoto wa mkulima. Mzazi mwenye uwezo atamlipia mwanawe shule ya msingi ya Kiingereza, na huko atakipata Kiingereza tangu utotoni, ilhali kwa mtoto wa mkulima sekondari ndiyo nafasi pekee aliyo nayo.

MBUNGE WA SERIKALI: Taarifa, Mheshimiwa Spika.

KIONGOZI WA UPINZANI: Siipokei kwa sasa, Mheshimiwa Spika. Pili, istilahi za sayansi kwa Kiswahili bado hazijatosha kumfikisha mwanafunzi kidato cha sita.

(Mbunge wa Serikali aliunga mkono hoja akisisitiza kwamba Kiingereza kifundishwe vyema kama somo, Mbunge wa Upinzani akajibu kwamba somo moja halitoshi.)

SPIKA: Sasa majumuisho. Kiongozi wa Upinzani.

KIONGOZI WA UPINZANI: Mheshimiwa Spika, mgongano wetu ni mmoja: nani ataumia? Upande wa Serikali haukulijibu suala la mtoto wa mkulima. Zaidi ya hayo, walimu wageni watakosa kazi.

MBUNGE WA SERIKALI: Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Suala la walimu wageni halikutajwa na yeyote.

SPIKA: Saa isimame. Nimepitia kumbukumbu zangu. Ni kweli, hiyo ni hoja mpya, na majaji waiache. Endelea, Mheshimiwa.

KIONGOZI WA UPINZANI: Naheshimu uamuzi wa Kiti. Mheshimiwa Spika, hoja ikataliwe.

WAZIRI MKUU: Mheshimiwa Spika, mtoto wa mkulima anaumia leo, anapokariri asichokielewa. Kuhusu istilahi, TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

MBUNGE WA UPINZANI: Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Kamusi hiyo ni jambo jipya.

SPIKA: Hapana. Upinzani ndio ulioleta suala la istilahi, na mfano mpya unaojibu hoja ya zamani unaruhusiwa. Ningekosea haki kumnyima mtu jibu la jambo aliloulizwa. Endelea.

WAZIRI MKUU: Nakushukuru, Mheshimiwa Spika. Mtoto huyo atajifunza Kiingereza kwa mwalimu wa Kiingereza, na fizikia kwa lugha anayoielewa. Naomba hoja ikubaliwe.

SPIKA: Waheshimiwa, sasa nitawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Nadhani walioafiki wameshinda, hoja imepita. Naahirisha kikao.