Mtihani wa Cheti cha Mafunzo ya Mkulima: Udongo, Nafasi za Kupandia na Wadudu Waharibifu

Muda: saa 2 na dakika 30. Jumla ya alama: 100.

Maelezo kwa mtahiniwa

Jibu maswali yote. Unaruhusiwa kutumia kikokotoo, rula na daftari lako la kumbukumbu za shamba, kwa sababu mkulima makini halimi bila daftari, na mtihani huu haupimi uwezo wa kukariri. Palipoandikwa “amua”, taja uamuzi wako katika sentensi ya kwanza, kisha eleza ni jambo gani ulilosoma kwenye swali lililokufanya uamue hivyo. Uamuzi usio na sababu hautapata zaidi ya theluthi moja ya alama za kipengele hicho, hata ukiwa sahihi. Katika hesabu, onyesha njia. Mtahiniwa anayesoma polepole anaweza kumwomba msimamizi amsomee swali kwa sauti, naye msimamizi atalisoma kama lilivyo bila kulifafanua.

SEHEMU A: UDONGO (alama 33)

1. Mkulima ana shamba la hekta 1 lenye mteremko. Sehemu ya juu ina udongo mwekundu wenye changarawe, na sehemu ya bondeni ina udongo mweusi mzito. Katikati pana kichuguu, na kando yake pana mahali ambapo ng’ombe walilazwa msimu uliopita. Ili apime udongo, alipita kwenye njia ya miguu inayokata shamba, akachota udongo wa juu kwa kina cha sentimita 5 katika vituo vitano, kimoja kikiwa pale walipolala ng’ombe, akauchanganya wote ndani ya mfuko uliowahi kubeba mbolea, kisha akaupeleka maabara. Taja makosa manne aliyofanya na, kwa kila moja, eleza jinsi litakavyopotosha majibu ya maabara. (alama 8)

2. Mkulima mwingine alijaza udongo na maji katika chupa angavu, akaitikisa, kisha akaiacha itulie hadi maji yakawa maangavu. Tabaka la chini, la mchanga, lilikuwa na unene wa sentimita 7; la katikati, la tope laini, sentimita 2; na la juu, la mfinyanzi, sentimita 1.

(a) Kokotoa asilimia ya kila aina ya chembe. (alama 3)

(b) Mkulima huyo amezoea kuweka yurea yote kwa mkupuo mmoja mahindi yanapofika magotini. Mvua kubwa zinatarajiwa. Amua kama aendelee na desturi hiyo katika udongo huu. (alama 4)

3. Maabara imepima sampuli ya shamba la hekta 0.4 linalokusudiwa kupandwa maharage na kukuta pH ni 4.8. Imeshauri tani 2 za chokaa ya kilimo kwa hekta.

(a) Eleza kwa nini mbolea yenye fosforasi huleta faida ndogo katika udongo wenye uchachu wa kiasi hiki. (alama 3)

(b) Kokotoa kilo za chokaa zinazohitajika kwa shamba zima. (alama 2)

(c) Mkulima amepata kilo 400 tu, na hatapata nyingine msimu huu. Anaweza kuitawanya kwa wembamba shamba zima, au kuiweka kwa kiwango kilichoshauriwa kwenye nusu ya shamba na kupanda muhogo kwenye nusu nyingine. Amua. (alama 5)

(d) Jirani anamshauri achanganye chokaa na samadi mbichi siku hiyohiyo ili apunguze kazi. Mweleze jirani hasara ya kufanya hivyo. (alama 2)

4. Mihindi mitatu imetolewa katika shamba moja. Wa kwanza una majani ya chini yaliyogeuka njano kuanzia nchani na kufuata uti wa kati. Wa pili, ambao bado mchanga, una majani yenye rangi ya zambarau. Wa tatu una majani ya chini yaliyokauka kingoni kana kwamba yameunguzwa. Taja kirutubisho kinachoelekea kupungua katika kila mmoja, kisha eleza kwa nini si busara kununua mbolea kabla ya kuchimba na kuitazama mizizi ya mhindi wa pili. (alama 6)

SEHEMU B: NAFASI ZA KUPANDIA (alama 27)

5. Shamba lina urefu wa mita 50 na upana wa mita 40. Mahindi yatapandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 25 kati ya mashimo, mmea mmoja kwa shimo.

(a) Kokotoa idadi ya mimea inayotarajiwa. (alama 3)

(b) Mbegu 1,000 zina uzito wa gramu 350, na jaribio la uotaji limeonyesha kwamba mbegu 85 kati ya 100 huota. Kokotoa kilo za mbegu zinazohitajika. (alama 3)

(c) Kupanda mimea miwili kwa shimo kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50 hutoa idadi ileile ya mimea. Taja hali moja ambamo ungechagua njia hii na hali moja ambamo usingeichagua. (alama 3)

6. Siku 14 baada ya kupanda kwa nafasi iliyotajwa katika swali la 5(a), mkulima alihesabu miche iliyosimama katika mita 10 za mstari, katika vituo vitano. Alipata 34, 36, 12, 35 na 33. Katika kituo cha tatu alikuta miche imekatwa usawa wa ardhi na kulazwa chini ikiwa bado mibichi. Kituo hicho kimepakana na eneo lililolimwa likiwa na magugu mengi siku chache tu kabla ya kupanda.

(a) Kokotoa wastani wa miche, kisha makadirio ya mimea kwa hekta. (alama 4)

(b) Eleza kwa nini wastani huo, ingawa umekokotolewa vizuri, ungemfanya mkulima aamue vibaya. (alama 3)

(c) Taja mdudu unayemshuku, na ueleze mahali na wakati wa siku ambao ungemtafuta ili uthibitishe. (alama 3)

(d) Amua kati ya kung’oa na kupanda upya shamba zima, kurudishia mahindi kwenye mapengo yote, au kushughulikia eneo la kituo cha tatu pekee. Eleza pia jambo litakalotangulia kurudishia. (alama 4)

7. Mkulima wa eneo lenye mvua chache amesikia kwamba mkulima wa eneo lenye umwagiliaji amevuna zaidi baada ya kubana mimea, naye anataka kufanya vivyo hivyo. Mshauri. (alama 4)

SEHEMU C: WADUDU WAHARIBIFU (alama 40)

8. Umeletewa viwavi wawili kutoka shamba la mahindi. Mmoja ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia. Mwingine ametolewa ndani ya shina lililotobolewa. Watambue, na ueleze kwa nini kunyunyizia dawa juu ya majani hakumfikii wa pili. (alama 6)

9. Shamba la mahindi la hekta 0.4 linakaguliwa kila wiki kwa kutembea kwa umbo la herufi W, vituo vitano, mimea 20 kila kituo. Mafunzo yenu yalipendekeza kunyunyizia dawa pale mimea yenye dalili mpya za viwavijeshi vamizi inapofika 20 kwa kila 100 wakati mahindi bado machanga.

Katika ukaguzi wa kwanza, mimea yenye dalili mpya ilikuwa 3, 5, 2, 1 na 3. Siafu walionekana ndani ya moyo wa mimea kadhaa, na majirani wawili walikuwa wamekwisha kunyunyizia.

(a) Amua hatua ya wiki hiyo. (alama 5)

Katika ukaguzi wa pili, idadi ilikuwa 6, 7, 4, 4 na 5. Viwavi wengi walikuwa na urefu usiofika sentimita 1.

(b) Amua kama anyunyizie, saa ngapi, na sehemu gani ya mmea ilengwe. (alama 5)

(c) Maji ya kunyunyizia ni lita 200 kwa hekta, bomba linabeba lita 16, na lebo inataka mililita 20 za dawa kwa bomba moja. Kokotoa idadi ya mabomba na kiasi cha dawa. (alama 3)

Wiki kadhaa baadaye mbelewele zimetoka, majani ya zamani yamejaa matundu, na mkulima amepata hofu.

(d) Kabla ya kuamua lolote, utatazama nini kwenye mmea, na matundu hayo ya zamani yanakueleza nini? (alama 5)

10. Maharage ya wiki tatu yananyauka mmoja mmoja. Ukiung’oa mmea, unakuta shina limevimba na kupasuka karibu na ardhi, na ndani yake pana vifukofuko vidogo vya kahawia. Mkulima ameshika bomba tayari kunyunyizia majani. Amua afanye nini leo kwa mimea ambayo bado imesimama, na abadilishe nini msimu ujao. (alama 9)

11. Nyanya zilinyunyiziwa Jumatatu asubuhi kwa dawa ambayo lebo yake inataka siku 7 kabla ya kuvuna. Mnunuzi anakuja Alhamisi na anasema nyanya zikioshwa hazina tatizo. Amua, ukieleza kwa nini kuosha hakutoshi na jinsi ratiba ingepangwa mapema ili mkulima asifike katika hali hii. (alama 7)

MWONGOZO WA MSAHIHISHAJI KWA MASWALI YA UAMUZI

Mpe mtahiniwa alama kwa lugha yoyote ya shambani inayoeleweka. Mtu aliyeandika “chumvi ya mbolea imebaki mfukoni” kwa swali la 1 ameonyesha kosa la mfuko kikamilifu.

2(b) Aache. Mchanga ni asilimia 70, hivyo naitrojeni itashuka na maji kupita mizizi. Aigawe mara mbili au zaidi.

3(b), (c) Jibu la (b) ni kilo 800. Kwa (c), uamuzi wa kuweka kiwango kamili kwenye nusu una nguvu zaidi, kwa kuwa muhogo huvumilia uchachu kuliko maharage. Hata hivyo, mtahiniwa anayechagua kuitawanya kote apewe hadi alama 3 akieleza kwamba ataongeza msimu unaofuata na kupima tena. Asiyetaja kuichanganya na udongo mapema kabla ya kupanda apunguziwe alama 1.

5 Mimea 10,667. Mbegu 12,549 hivi, sawa na kilo 4.4.

6 Wastani ni miche 30, yaani mimea 40,000 kwa hekta badala ya 53,333. Vituo vinne vina wastani wa 34.5, hivyo tatizo liko mahali pamoja. Mdudu ni sota, anayetafutwa alfajiri au jioni kwa kufukua udongo kuzunguka shina lililokatwa. Eneo la kituo cha tatu lishughulikiwe pekee, na sota aondolewe kwanza, la sivyo miche mipya itakatwa pia. Mtahiniwa anayependekeza kurudishia kwa maharage, kwa kuwa mahindi ya kuchelewa yatafunikwa kivuli, apewe alama zote.

9 Ukaguzi wa kwanza ni 14 kwa 100: asinyunyizie, aendelee kukagua na awalinde siafu. Kunyunyizia kwa majirani hakumpi sababu. Ukaguzi wa pili ni 26 kwa 100 na viwavi bado wadogo: anyunyizie jioni, akilenga moyo wa mmea. Mabomba ni 5 na dawa ni mililita 100. Kwa (d), atazame kinyesi kipya na viwavi hai, hasa kwenye mahindi yanayochanga. Matundu ya zamani yanaonyesha ulaji uliokwisha pita. Asinyunyizie kwa hofu ya matundu peke yake.

10 Funza wa inzi wa maharage wako ndani ya shina, hivyo dawa ya majani haiwafikii. Leo apandishie udongo shinani ili mizizi mipya itoke juu ya jeraha, na mimea iliyokufa aing’oe na kuiteketeza. Msimu ujao apande mapema mvua zinapoanza, atumie mbegu iliyotiwa dawa, na asipande maharage juu ya maharage.

11 Asivune kabla ya Jumatatu inayofuata. Mtahiniwa anayeruhusu mauzo ya Alhamisi asipate alama ya uamuzi, hata kama maelezo yake mengine ni mazuri, kwa sababu anayedhurika hapa ni mlaji asiyekuwapo shambani.