Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023: ushuru wa bidhaa kwenye mafuta, pombe na pesa za simu
Muhtasari kwa wenye vituo vya mafuta, baa, maduka ya jumla na mawakala wa pesa, Agosti 2023

Mahakama ya Rufaa iliondoa agizo la kusimamisha Sheria hii tarehe 28 Julai 2023, kwa hivyo viwango vilivyo hapa vilitumika mwaka huo.

Mafuta. Wengi wanasema ushuru wa bidhaa umepanda. Haukupanda. Petroli bado hutozwa takriban shilingi 21.95 kwa lita, dizeli na mafuta taa 11.37. Kilichopanda ni kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 8 hadi 16, nayo hukokotolewa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Petroli Nairobi ilikuwa 182.04. Toa ile asilimia 8, inabaki 168.56, weka asilimia 16, unapata 195.53, bei iliyotangazwa Julai. Mteja akiuliza shilingi 13.49 zimetoka wapi, mwonyeshe hesabu hiyo.

Pombe. Mwaka 2023 ushuru ulifuata ujazo, haukufuata bei: bia shilingi 142.44 kwa lita, divai 243.43, pombe kali 356.42. Chupa ya bia ya mililita 500 ilikuwa na ushuru wa 71.22, ya pombe kali ya mililita 250 ilikuwa na 89.11. Ndiyo maana chupa ya bei nafuu iliumia zaidi kuliko ya bei ghali: ushuru ulikuwa uleule. Ukiuziwa robo kwa bei inayokaribia ushuru wake pekee, usiipokee. Kagua stempu ya ushuru, kwani yaelekea ni ya magendo na itakamatwa ikiwa kwenye rafu yako.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kwa mtengenezaji wa pombe: mwaka 2023 alianza kulipa ushuru ndani ya saa 24 baada ya bidhaa kutoka ghalani, wakati kabla ya hapo alisubiri hadi tarehe 20 ya mwezi uliofuata. Muda wa mkopo aliompa msambazaji huenda ulifupishwa, na baa ikadaiwa mapema. Ilifaa kupanga fedha za kununulia mzigo mapema.

Pesa za simu. Ushuru ulitoka asilimia 12 hadi 15. Unatozwa kwenye ada ya huduma, si kwenye kiasi kinachotumwa. Ada ya shilingi 20 kabla ya ushuru ilikuwa 22.40, sasa ni 23, hata kama mteja ametuma maelfu. Anayewasilisha ushuru ni kampuni ya simu. Wakala anayemwongezea mteja asilimia 15 juu ya ada iliyobandikwa anamtoza visivyo halali. Ushuru kwenye ada za benki za kutuma pesa, kinyume chake, ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 15, kwa hivyo pitia taarifa yako ya benki ya Julai 2023 uone kama punguzo limekufikia.

Jambo la mwisho: kifungu kilichoruhusu viwango maalumu, vinavyotozwa kwa lita, kupandishwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei kilifutwa. Tangu hapo, kiwango cha bia hakibadiliki Oktoba bila Bunge kurekebisha sheria.