YAH: Soketi zinazotoa cheche na nyaya zilizo wazi – naomba fundi umeme kabla ya Alhamisi jioni

Isevya, Tabora
Jumanne, 3 Februari 2026

Baba Shabani,

Shikamoo. Poleni na safari ya Urambo, natumaini tumbaku imekaa vizuri na mvua hizi. Sisi huku hatujambo, ila umeme wa nyumba umefika mahali siwezi kuendelea kuutaja juu juu kwenye simu kila tunapoongea habari za kodi. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa Shabani barua hii mkononi pamoja na picha nilizomtumia kwenye simu yake.

Soketi ya sebuleni kwangu inatoa cheche kila plagi inapochomekwa. Jumamosi nilichomeka pasi, ikalia "tsss", plastiki ikaanza kunuka kuungua, na sasa tundu moja limeyeyuka na ukuta umekuwa mweusi juu yake. Ya chumbani haijafikia hapo, lakini ukiigusa jioni friji likiwa linafanya kazi ni ya moto. Zote mbili nimeacha kuzitumia. Friji nimelizima, na biashara yangu ya barafu na juisi imesimama.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni la uani. Waya unaopeleka umeme kwenye taa ya bafuni umechunika pale unapopita chini ya bati, nadhani ni panya, na kopa inaonekana kwa macho. Fundi aliyekuja mwaka jana aliuzungushia selotepu tu, na selotepu yenyewe imeshabanduka kwa jua. Kamba yetu ya kuanikia nguo ni ya chuma na imefungwa kwenye msumari uleule ulioshikilia waya huo. Juzi baada ya mvua Mama Rehema alikuwa anaanika, akapigwa shoti mpaka beseni likamdondoka. Ashukuriwe Mungu alikuwa amevaa kandambili. Watoto wa nyumba hii wanapita pale peku, na bomba la maji liko hatua chache tu kutoka hapo.

Tena tusitegemee umeme ujikate wenyewe likitokea jambo. Nilifungua boksi la fyuzi nikiwa nimeshazima meni swichi, nikakuta fyuzi moja imefungwa waya mnene badala ya ule mwembamba wa fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kuyeyuka pale umeme unapozidi. Huo uliowekwa hautayeyuka, nyaya za ukutani ndizo zitakazoungua kwanza, na dari yetu ni mbao. Waya wa ethi nao uliokuwa unashuka ardhini nyuma ya bafu haupo, umekatwa. Mwenye kupima kopa kwa kilo anajua ulikokwenda. Bila ethi, umeme ukivuja kwenye bati au kwenye kamba, njia yake ya kwenda chini ni mtu aliyeshika.

Kwa sasa kamba ya chuma nimeifungua, tunaanika kwenye ya katani upande wa mwembe. Taa ya bafuni hatuwashi, tunaingia na tochi. Usiku tukilala tunazima meni swichi, wapangaji wote tumekubaliana. Ndoo ya mchanga iko mlangoni, maana moto wa umeme haumwagiwi maji. Lakini hayo ni ya kujishikiza tu, Baba.

Naomba fundi umeme mwenye leseni ya EWURA afike hapa kabla ya Alhamisi, 5 Februari, saa 12 jioni. Abadilishe soketi zote mbili, atoe waya wote wa uani na kuupitisha ndani ya paipu, arudishe fyuzi inayostahili, na afunge ethi mpya. Jirani amenishauri niite TANESCO, lakini wao kwa kawaida kazi yao inaishia kwenye mita. Za ndani ni za mwenye nyumba. Mimi nitakuwepo siku zote mbili kuanzia asubuhi, na funguo za vyumba vya wenzangu wataniachia.

Kama kufika au kutuma mtu kutakuwa kugumu, nijibu kabla ya muda huo, hata kwa ujumbe mfupi, kwamba nimlete fundi mimi na gharama tuikate kwenye kodi ya Machi. Risiti ya vifaa na ya ufundi nitakupa. Alhamisi jioni ikipita bila fundi wala jibu, nitazima umeme wa nyumba nzima kwenye meni swichi na kumpelekea Mwenyekiti wa Mtaa nakala ya barua hii Ijumaa asubuhi. Nisingependa tufike huko, tumekaa vizuri miaka yote hii.

Msalimie Mama Shabani.

Mpangaji wako,
Mama Neema
Chumba na sebule, upande wa barabarani