Mshale Kwenye Tisa

Naibu wa chifu alimwambia mzee wa kijiji: baraza la tuta la mto Nyando ni kesho, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe. Goti lilikuwa likimuuma mzee, akamtuma mjukuu wake.

Kijana alifika kwa fundi wa baiskeli akihema. Redio ilikuwa juu, fundi hakusikia vizuri. Akanyosha mkono wenye saa ya mishale, kidole cheusi kwa grisi kikagusa kioo kilichopasuka. "Hapa?" Kwenye 9. Kijana akaitikia, ndipo mshale mfupi unapokaa saa tatu. Fundi akawageukia wauza mboga: "Saa tisa!" Soko likasambaza.

Asubuhi walikuja watu sita, wote wa upande wa juu. Wakakubaliana tuta lianzie kwao.

Saa tisa mwembe ulijaa. Mama mmoja wa upande wa chini, ambako maji huingia kwanza, alikuja na kiti chake kichwani.

"Baba, kikao kiko wapi?"

Mzee aliangalia chini. "Keti, mama. Msiondoke." Akachukua fimbo, akashika njia ya kwa naibu wa chifu, akichechemea.